Kidonda Kinachopanuka Kila Kikikwanguliwa

Katika wodi za upasuaji ipo kanuni ambayo kila muuguzi na kila daktari huishika tangu masomoni: nyama iliyokufa iondolewe, usaha utolewe, kidonda kikwanguliwe mpaka damu safi ionekane. Kanuni hiyo imeokoa miguu mingi na maisha mengi, na sina nia ya kuipinga. Lakini kuna kidonda kimoja ambacho kisu hukichokoza badala ya kukiponya. Kikikatwa leo kwa upana wa sentimita tano, keshokutwa kinaweza kuwa na nane, na daktari asiyekifahamu ataona kwamba hakukata vya kutosha, arudi tena na kisu. Kitaalamu ugonjwa huo huitwa payoderma gangrenosamu. Ni nadra: nchi zilizouhesabu zimekuta wagonjwa wapya kati ya watatu na kumi kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Kwa sababu ya unadra huo, daktari wa kawaida anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane nao, na siku akikutana nao akauona kuwa ni kidonda kingine kilichoingiwa na vijidudu.

Ili tuuelewe, tumfuate mgonjwa mmoja kutoka kipele cha kwanza hadi kovu. Kisa chake nimekiunda kutokana na mwenendo ambao madaktari wa ngozi wameueleza mara nyingi, kwa hiyo msomaji asimtafute mtaani.

Ni mama wa miaka 41, mwenye uzito wa kilo 60, anayeuza dagaa sokoni. Siku moja anajigonga ugokoni kwenye kona ya kreti. Ngozi haichaniki, inabaki alama tu. Siku ya pili panatokea kipele chenye kichwa cha usaha kilichozungukwa na wekundu, na maumivu yake hayalingani kabisa na udogo wake. Siku ya nne kipele kimepasuka na kuwa shimo la sentimita mbili. Anaenda duka la dawa, anapewa antibaiotiki za vidonge. Wiki inapokwisha kidonda kina sentimita tano, hawezi kulala usiku, na shuka likigusa mguu analia.

Katika zahanati wanamsafisha kwa dawa kali na kumfunga. Hapati nafuu. Hospitali inamlaza, inamwekea antibaiotiki za mshipani, na siku ya tatu anapelekwa chumba cha upasuaji ili kidonda kikwanguliwe. Daktari anatoa tishu zote zilizofifia mpaka anafika kwenye nyama nyekundu inayovuja damu, anaridhika. Saa 48 baadaye bandeji inafunguliwa, na kidonda kina sentimita tisa kwa saba. Ukingo wote uliokatwa umegeuka zambarau na kuanza kuoza upya. Wanamrudisha chumba cha upasuaji mara ya pili. Baada ya hapo familia inaitwa kuzungumza juu ya kukata mguu.

Hapa tumwache kidogo mama huyu tutazame kinachotokea ndani ya ngozi yake, maana ndipo ilipo sababu ya kisu kushindwa.

Mwilini tuna aina ya seli nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili. Kazi yake ni kukimbilia mahali palipojeruhiwa au palipoingiwa na bakteria, kumwaga vimeng'enya vinavyoyeyusha adui, kisha kufa. Usaha kwa sehemu kubwa ni mizoga ya seli hizo. Katika payoderma gangrenosamu, nyutrofili huitwa na ishara za uchochezi zilizovurugika. Hufika kwa wingi mahali pasipo na bakteria wa kupigana naye, humwaga vimeng'enya vyake, na kinachoyeyuka ni ngozi ya mwenyewe na mafuta yaliyo chini yake. Usaha upo, wekundu upo, homa wakati mwingine ipo, ila maambukizi hayapo. Ndiyo sababu antibaiotiki, hata zile za bei kubwa kabisa, hazifui dafu.

Sasa fikiria maana ya kisu kwa mwili wa namna hiyo. Kila jeraha jipya ni wito mwingine kwa nyutrofili zilizokwisha kuvurugikiwa. Kwa baadhi ya wagonjwa, pengine robo yao, hata kuchomwa sindano au kujigonga kidogo kunatosha kuanzisha kidonda kipya. Mama wetu alianza kwa kona ya kreti. Kukwanguliwa kulikuwa ni kreti mara mia, na kulifanywa mara mbili.

Kosa la kuuona ugonjwa huu kama maambukizi ni la zamani sawa na ugonjwa wenyewe katika vitabu. Madaktari wa Kliniki ya Mayo huko Marekani waliouandika na kuupa jina hili mwaka 1930 walikuwa na wagonjwa watano, na wao pia waliamini kwamba bakteria walikuwa na mkono wao. Hata hivyo waliona jambo ambalo mpaka leo ndilo ufunguo: wanne kati ya wale watano walikuwa na ugonjwa sugu wa vidonda vya utumbo mpana. Leo tunajua kwamba karibu nusu ya wagonjwa, na katika baadhi ya hospitali zaidi ya nusu, wana ugonjwa mwingine mwilini unaokwenda sambamba na kidonda. Wa kwanza ni uvimbe sugu wa utumbo, ule wa vidonda vya utumbo mpana na ule uitwao ugonjwa wa Krohn. Unafuata baridi yabisi na ndugu zake wa viungo. Halafu yapo magonjwa ya damu, ikiwamo saratani ya damu.

Kwa hiyo swali la maana kuliko yote kwa mama wetu halihusu mguu. Linahusu choo. Daktari wa zamu aliyekuja kumwona kabla ya kikao cha kukata mguu alimuuliza: "Mama, tumbo lako likoje? Choo unakipataje?" Mama akaona haya, kisha akaeleza kwamba kwa miezi minane amekuwa akiharisha, na mara nyingi choo kina damu na kamasi. Ametibiwa amiba mara tatu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza tangu mguu uanze kuuma, na yeye hakuona uhusiano wa tumbo na ugoko. Nani angeuona?

Swali la pili lilikuwa kuhusu sura ya kidonda, na hili hata asiye daktari anaweza kulitazama. Ukingo wa kidonda hiki una rangi ya zambarau, wakati mwingine ya buluu iliyoiva kama ya jeraha la kugongwa, na ngozi inayozunguka ni nyekundu. Ukingo huo haukukaa imara juu ya nyama. Umechimbika kwa chini, kiasi kwamba kijiti cha kupimia hupenya chini yake kama mkono unavyopita chini ya ukingo wa jamvi. Ngozi iliyoachwa ikining'inia juu ya pango hilo hufa na kudondoka, na hivyo ndivyo kidonda kinavyopanuka, kwa sentimita moja hata mbili kwa siku kikiwa katika ukali wake. Sehemu ya katikati ina utando wa manjano na nyama laini inayovuja usaha na damu. Mahali kinapopenda zaidi ni ugokoni, ingawa kinaweza kutokea popote.

Juu ya yote hayo kuna maumivu. Nayataja peke yake kwa sababu wodini huchukuliwa kirahisi. Mgonjwa anayelia kwa kidonda cha sentimita mbili huambiwa anadeka. Katika ugonjwa huu maumivu makali kupita ukubwa wa kidonda ni dalili ya kuandikwa kwenye faili, si tabia ya mgonjwa ya kukaripiwa.

Sasa tuje kwenye kipimo kinachopotosha wengi. Siku ya kulazwa, mama alipanguswa kidonda kwa pamba na sampuli ikapelekwa maabara ili kuotesha vijidudu. Jibu la kwanza lilirudi tupu. Wiki mbili baadaye wakapangusa tena, na safari hii wakaota bakteria wa kawaida wa ngozi pamoja na wale wapendao vidonda vyenye majimaji. Wengi wakapumua: adui kapatikana. Lakini kidonda chochote kilichokaa wazi kwa wiki mbili wodini kitakuwa na bakteria juu yake. Wamehamia, hawakukianzisha. Jibu lenye uzito lilikuwa lile la kwanza, lililochukuliwa kabla ya wahamiaji kufika, nalo lilikuwa limeshasahauliwa katikati ya faili.

Kipimo kinachosaidia ni kukata kinyama, yaani kipande kidogo cha ngozi kinachopelekwa kutazamwa kwa hadubini. Watu waliokwisha kuelewa hatari ya kisu huuliza: si tutakichokoza tena? Huenda kikachokozeka kidogo, lakini faida inazidi hasara hiyo kwa mbali, kwa sababu bila kinyama mgonjwa anaweza kutibiwa ugonjwa asio nao kwa miezi mingi. Kinyama hukatwa kwenye ukingo wenye uhai wa ugonjwa, pale zambarau inapokutana na ngozi nzima, kisikatwe katikati ya utando uliokufa. Kiende chini hadi kwenye mafuta. Kigawanywe mara mbili: kipande kimoja kitiwe kwenye fomalini kwa ajili ya hadubini, kingine kiwekwe kwenye maji ya chumvi safi kwa ajili ya kuotesha bakteria, vijidudu vya kifua kikuu na jamaa zake, pamoja na fangasi. Kosa la kawaida ni kutia vyote kwenye fomalini. Fomalini huua kila kijidudu, na maabara haitakuwa na kitu cha kuotesha.

Hadubini ya mama ilionyesha ngozi iliyojaa nyutrofili, bila chembe za kifua kikuu, bila fangasi, bila saratani, bila mishipa ya damu iliyoharibika. Jibu hilo peke yake halithibitishi ugonjwa, kwani ngozi iliyojaa nyutrofili huonekana pia kwenye maambukizi. Ndiyo maana mwaka 2018 jopo la wataalamu lilikubaliana juu ya vigezo: kinyama kionyeshe nyutrofili, kisha dalili angalau nne kati ya nane zitimie. Miongoni mwa hizo nane ni maambukizi kutafutwa na kukosekana, kidonda kuzuka mahali palipojeruhiwa, ugonjwa wa utumbo au wa viungo, kipele kugeuka kidonda ndani ya siku nne, na ukingo wenye wekundu, uliochimbika na unaouma. Mama wetu alikuwa nazo zote hizo tano.

Jambo la kutilia mkazo ni lile la kutafuta maambukizi na kuyakosa. Dawa ya payoderma gangrenosamu hufanya kazi kwa kushusha kinga ya mwili. Ukimpa mtu mwenye maambukizi ya kweli, unawafungulia vijidudu mlango. Upande huu wa kosa ni wa kuogopwa sawa na ule mwingine. Mwaka 2002 watafiti wa Mayo walichapisha habari za watu 95 wenye vidonda vilivyofanana na payoderma gangrenosamu ambavyo havikuwa hivyo. Kati yao 64 walikuwa wametibiwa kwa dawa za kushusha kinga, nusu yao kwa miezi kumi au zaidi, kabla ya ukweli kujulikana. Baadhi walikuwa na magonjwa ya mishipa ya damu, wengine saratani, wengine fangasi au kifua kikuu cha ngozi.

Kwa nchi zetu, kidonda kinachofanana nacho kuliko vyote ni kile cha Buruli. Jina lake limetoka Uganda, katika eneo la Buruli karibu na Mto Nile, walikopatikana wagonjwa wengi katika miaka ya 1960, ingawa Daktari Albert Cook alikwisha kuona vidonda vya namna hiyo Uganda tangu mwaka 1897. Kipo pia Kongo, hasa maeneo ya mabwawa na mito. Chanzo chake ni bakteria wa ukoo wa kifua kikuu na ukoma. Kidonda cha Buruli nacho kina ukingo uliochimbika kwa chini, tena sana. Mtu akitazama picha mbili bila maelezo anaweza kukosea.

Mgonjwa mwenyewe ndiye anayetoa tofauti. Kidonda cha Buruli hakiumi, au huuma kidogo tu, kwa sababu bakteria wake hutoa sumu inayofisha hisia. Hukua kwa wiki na miezi. Mwenye payoderma gangrenosamu hukueleza habari za siku, tena kwa machozi. Sampuli inayochukuliwa chini ya ukingo wa Buruli huonyesha bakteria hao kwa hadubini au kwa kipimo cha vinasaba, na tiba yake ni antibaiotiki mbili, rifampisini na klarithromaisini, kwa wiki nane. Mgonjwa anayetoka maeneo ya Buruli asianzishiwe dawa za kushusha kinga kabla sampuli hiyo haijatazamwa.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana nacho ambao hauruhusu kusubiri. Ni maambukizi yale yanayokimbia chini ya ngozi na kuozesha utando unaofunika misuli. Huko kisu hakina mbadala, na saa chache za kusitasita zinaweza kumuua mgonjwa. Daktari anapimaje? Mwenye maambukizi hayo huanguka haraka: shinikizo la damu hushuka, akili huchanganyikiwa, ngozi hugeuka nyeusi na kufa ganzi, na hali hubadilika kwa saa. Chumba cha upasuaji daktari hukuta utando wa misuli umekuwa wa kijivu, umelegea, kidole kinapita bila kizuizi. Kwenye payoderma gangrenosamu, mara nyingi uharibifu unaishia kwenye ngozi na mafuta, na utando ule uko mzima na unang'aa. Mgonjwa ana maumivu makali na pengine homa, lakini anazungumza, anakula, shinikizo lake limekaa. Pakiwa na shaka ya kweli, naona daktari ana haki ya kufungua mara ya kwanza ili atazame. Lawama huanza pale anapokuta utando mzima, maabara haioteshi kitu, kidonda kimepanuka, naye anapanga safari ya pili bila kujiuliza.

Mtego huu ni mkubwa zaidi baada ya upasuaji wenyewe. Mama amejifungua kwa upasuaji, au mtu amefanyiwa upasuaji wa matiti au wa tumbo. Ndani ya wiki mbili za mwanzo mshono unaanza kuuma kupita kawaida, unafunguka, ukingo unageuka zambarau, joto linapanda, hesabu ya seli nyeupe inapanda. Kila dalili inaelekeza kwenye mshono ulioingiwa na vijidudu. Dokezo moja hujitokeza pale mtu alipokatwa sehemu zaidi ya moja: mishono yote inaharibika kwa pamoja, hata ile iliyo mbali. Bakteria hawana desturi ya kushambulia mishono miwili iliyo mbali kwa wakati mmoja na kwa sura ileile.

Turudi kwa mama wetu. Kabla ya dawa, alipimwa sukari, VVU, kaswende, kifua kikuu, homa ya ini B, selimundu, na mapigo ya damu ya mguuni. Alipewa pia ivamektini, kwa sababu kuna minyoo midogo iitwayo strongiloidesi ambayo hukaa kimya utumboni miaka mingi, na kinga ikishushwa ghafla huzaana na kusambaa mwili mzima hata kuua. Katika mazingira yetu hatua hiyo ni rahisi, na kuiruka ni uzembe.

Kisha akaanzishiwa prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi ambayo hupatikana karibu kila hospitali na si ya bei kubwa. Kipimo cha kawaida ni kati ya nusu miligramu na miligramu moja kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Yeye alipewa miligramu 45, yaani robo tatu ya miligramu kwa kila kilo. Usiku wa pili alilala. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo wengi huliona: maumivu hutangulia kuondoka kabla kidonda hakijabadilika sura. Wiki ya kwanza ilipokwisha zambarau ilikuwa imefifia, ukingo umelala na kushikamana na nyama, na kidonda hakikuwa kimeongezeka hata milimita moja. Kutoka hapo walikipima kila wiki kwa rula na kuandika.

Lazima nieleze mipaka ya dawa hii, kwa sababu kuna watu hudhani ugonjwa ukishajulikana kazi imekwisha. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika Uingereza, lililolinganisha prednisoloni na saiklosporini kwa wagonjwa zaidi ya mia moja. Baada ya miezi sita, waliopona kabisa walikuwa asilimia 47 kwa kila upande. Hakuna dawa iliyoishinda nyingine. Waliobaki waliendelea na vidonda, na kati ya waliopona, karibu watatu katika kumi walirudiwa. Maambukizi mazito yalionekana zaidi kwa waliotumia prednisoloni, wakati saiklosporini husumbua figo na shinikizo la damu. Kwa hiyo daktari huchagua kulingana na mwili ulio mbele yake: mwenye kisukari au mifupa dhaifu huelekezwa saiklosporini, mwenye figo mbovu huelekezwa prednisoloni. Zipo pia sindano kama infliksimabu, ambazo huwafaa hasa wenye ugonjwa wa utumbo, ila bei yake bado ni mlima kwa wengi wetu na huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Kidonda kidogo, cha sentimita mbili tatu, mara nyingine hutosha kwa krimu kali ya steroidi au ya takrolimusi inayopakwa kwenye ukingo.

Prednisoloni ina sharti moja ambalo familia nzima inapaswa kulijua. Mtu aliyeinywa kwa wiki nyingi haachi siku moja. Mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake wa aina hiyo, na dawa ikikatwa ghafla shinikizo linaweza kushuka mtu akazimia, hata akafa. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi, kwa maelekezo ya daktari. Mama wetu alishuka kutoka 45 hadi sifuri katika muda wa miezi mitano, huku sukari na shinikizo vikipimwa kila alipokuja kliniki. Kipimo cha kutazama utumbo kwa kamera kilithibitisha vidonda vya utumbo mpana, akaanzishiwa dawa zake. Utumbo ulipotulia, kidonda kilizidi kujifunga.

Na uoshaji? Kidonda hiki huoshwa kwa upole, kwa maji ya chumvi yaliyo vuguvugu, bila kusugua. Haidrojeni peroksaidi na dawa nyingine zinazochoma ziwekwe mbali. Shashi kavu iliyogandamana na nyama isivutwe, maana kila mvuto ni jeraha, nayo majeraha tumeona yanafanya nini. Ilowekwe kwanza mpaka iachie, au tangu mwanzo kitumike kitambaa cha mafuta kisichonata. Utando uliokwisha kulegea wenyewe unaweza kuondolewa kwa kibano taratibu. Dawa ya maumivu itolewe nusu saa au zaidi kabla bandeji haijafunguliwa, si baada ya mgonjwa kupiga kelele. Kupandikiza ngozi si mwiko, ila kunangoja ugonjwa utulie kabisa chini ya dawa.

Baada ya miezi mitano ugoko wa mama ulikuwa na kovu jembamba lililokunjamana, lenye vishimo vidogo vidogo kama chujio. Madaktari wa ngozi wanalifahamu kovu hilo, na wakiliona kwa mtu mwenye kidonda kipya hupata jibu nusu kabla ya kipimo. Miongoni mwa waliosomea magonjwa haya hapa kwetu ni wale waliopita katika kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale Moshi, kilichoko kwenye hospitali ya KCMC, ambacho kimekuwa kikifundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990. Kidonda ambacho hakijulikani asili yake kinastahili rufaa kwa mtu wa namna hiyo kabla ya kupelekwa kwenye msumeno.

Ugonjwa huu unaweza kulala miaka, kisha ukaamshwa na upasuaji wa jambo jingine kabisa. Hilo halimaanishi mtu anyimwe upasuaji anaouhitaji. Linamaanisha daktari wake ajue mapema ili ampe dawa ya kinga kabla na baada, na ashone kwa uangalifu. Kwa hiyo, ewe uliyewahi kupona kidonda hiki, andikiwa jina la ugonjwa wako na daktari kwenye karatasi, uihifadhi pamoja na kadi yako ya kliniki, na uitoe mbele ya daktari wa upasuaji, mkunga au daktari wa meno kabla hajashika chombo chochote. Na wewe unayemuuguza mtu mwenye kidonda kinachouma kupita kiasi, chenye ukingo wa zambarau, kilichopanuka baada ya kukwanguliwa, usisaini karatasi ya kukata mguu kabla hujaonyeshwa majibu ya kinyama.